Milimita 12 za baraza la mama mdogo

Jumamosi, usiku.

Leo nimeshinda Tanga kwa mama mdogo, juu ya ngazi, nyundo mkononi. Zege linalofunika baraza lake limeanza kudondosha vipande, na kimoja kimeangukia sufuria ya mchuzi. Yeye anasema zege limezeeka. Lina miaka 16 tu.

Nimeligonga kwa chini. Palipo pazima panalia kwa mlio mkavu, palipoachana panalia kama mtungi mtupu. Nyufa zimenyooka zikifuata njia ya nondo, kwa hiyo nilishajua kabla ya kuchimba. Nondo ilikuwa milimita 12 kutoka nje. Mimi ningetaka angalau 25, na kwa upepo huu wa bahari ningeongeza.

Zege jipya lina ualkali mkali, pH zaidi ya 12, na humo chuma hujivika utando mwembamba mno unaokikinga na kutu. Kaboni dioksidi ya hewani hupenya taratibu kwenye vinyweleo vya zege na kuupunguza ualkali huo. Ikifika kwenye nondo, utando unapotea. Kinachobaki kusubiriwa ni unyevu na oksijeni. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikalisukuma zege mpaka likapasuka.

Pale nilipovunja nilinyunyiza papo hapo fenolftaleini, dawa inayogeuka waridi penye ualkali mkali. Ndani pakawa waridi iliyokolea, lakini milimita 16 za nje hazikubadilika rangi. Kina hicho hakiongezeki sawasawa kila mwaka: ili kiwe maradufu, muda lazima uwe mara nne. Ukipiga hesabu kwa zege hili, milimita 12 zilipenywa mwaka wa 9 hivi. Zingekuwa 25, ingechukua karibu miaka 39. Hapo sijagusa chumvi, ambayo huweza kuuharibu utando hata palipo waridi, na dawa hii haiioni.

Siku ya kumwaga nilikuwepo, kijana wa kuchota maji. Biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, hazikuwepo. Fundi aliweka kokoto chini ya nondo, na zilichomoka kila mtu alipokanyaga. Kwingine aliahidi kuzinyanyua nondo kwa ndoano wakati zege linamwagwa. Nadhani alinyanyua mbili tatu, kisha akachoka (jua lilikuwa kali, simlaumu sana).

“Mwanangu, si upige plasta tu yaishe?” mama mdogo ameniuliza.

“Plasta haitasaidia, mama. Kutu itaisukuma nayo.”

Kesho nitachimba hadi nyuma ya nondo, kama milimita 20, ili zege la kiraka liishike pande zote, kisha niisugue mpaka chuma king'ae. Mbili zimekonda, hizo zitahitaji wenzao pembeni. Mama mdogo ameshahamishia jiko chini ya mwembe.