Katoni iliyokuwa tupu

Jana usiku, kabla umeme haujakatika, nilimwonyesha mdogo wangu sekunde tatu za katuni yangu: mbebaji anainua katoni ya vigae. Akacheka. "Yaya, ile katoni haina kitu ndani."

Iliniuma, maana uso wa yule mbebaji niliuhangaikia sana: meno yamebana, jasho linatoka. Lakini kiuno, mikono na katoni vyote vilianza kupanda kwenye picha moja, fremu ya 12. Uso haubebi kitu.

Leo asubuhi nikapanda Kadutu, hapa Bukavu, nikasimama mbele ya depo moja kutazama wabebaji. Papa mmoja alisogeza miguu hadi katoni ikawa karibu kugusa viatu vyake. Akainua pembe moja kidogo, kuipima, akairudisha. Akachuchumaa, mikono ikanyooka kama kamba iliyovutwa. Kisha, kwa muda mfupi, hakuna kilichosogea ila mabega na shingo. Kiuno kikaanza kupanda, na katoni bado iko chini! Ilipobanduka, makalio yalikuwa yamekwenda nyuma, na mara hiyo hiyo akaivutia tumboni.

Kwa nini tumboni? Nilipiga hesabu kwenye daftari. Tuseme mtu ana kilo 60 na katoni kilo 30. Katikati ya katoni ikiwa sentimita 40 mbele ya katikati ya nyayo, na mwili ukabaki wima juu ya nyayo kama nilivyouchora mimi, kitovu cha uzito wa vyote viwili kinakaa sentimita 13 mbele, yaani kwenye ncha za vidole. Mtu huyo anaanguka. Ili kitovu hicho cha uzito kirudi katikati ya nyayo, mwili urudi nyuma sentimita 20, ambazo ni nyingi mno kwa aliyesimama. Katoni ikiwa sentimita 25 tu mbele, mwili unarudi 12 na nusu, na mgongo unaweza.

Jioni nikaanza upya, fremu 24 kwa sekunde. Kupima pembe, fremu 10. Kuchuchumaa, 14. Ule utulivu wa mikono iliyonyooka, 8. Hapo niliogopa mtazamaji atachoka, ila nikaziacha zote 8. Kiuno kinatangulia, katoni inafuata fremu 5 baadaye, inapanda polepole mwanzoni. Nimefuta jasho lote.

Mdogo wangu ametazama mara mbili bila kucheka. Halafu akauliza mbona mbebaji anapogeuka anakuwa mwepesi tena. Kweli: nimemgeuza kiuno tu, nyayo zimeganda, na katoni imezunguka mbali na tumbo. Angepaswa kupiga hatua fupi fupi, miguu imetanuka, kila hatua ikitanguliwa na mwili kuhamia mguu unaobaki chini. Betri imebaki asilimia 9. Kesho nitarudi depo, safari hii kutazama miguu.