Dakika 16 za prufu, dakika 45 za tafsiri: siku yangu na kengele

Saa 2:00 asubuhi

Siku yangu ya kazi inaanza na karatasi, kengele hufuata baadaye. Nachukua karatasi ya mistari, naigawa safu tatu: kazi yenyewe, vipindi ninavyokisia itakula, na nafasi tupu ya kutia alama. Mimi ni mhariri. Kazi zangu kubwa ni mbili, kusoma prufu za vitabu vilivyokaribia kwenda mtamboni na kutafsiri, nazo zinachosha akili kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Leo nimeandika: prufu, kurasa 24, tafsiri, nusu ya sura iliyobaki, baruapepe.

Simu inaingia mkobani, na mkoba unakaa upande wa pili wa chumba. Kipima muda changu ni kile cha kuzungusha kwa mkono. Niliwahi kutumia cha kwenye simu, lakini kila kikilia ilibidi niishike simu ili kukizima, na mimi nikishaishika simu, siiachi.

Saa 2:15

Naanza na prufu. Nazungusha hadi dakika 16.

Anayeijua mbinu ya Pomodoro, ya kufanya kazi kwa vipindi vinavyopimwa na kengele, atauliza mbona si 25. Francesco Cirillo, Mwitalia aliyeibuni mbinu hii akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na nyanya kwa Kiitaliano ndiyo pomodoro. Utaratibu uliozoeleka ni dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na kila baada ya vipindi vinne mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Kinachosahaulika ni kwamba Cirillo mwenyewe hakuanzia 25. Alijiwekea dau kama angeweza kusoma kwelikweli kwa dakika 10 tu, na dau hilo hakulishinda mara moja.

Mimi nilikaa na 25 kwa miezi mingi na sikuwa na malalamiko. Kengele ikilia nilijiona bado nina nguvu. Kilichoniumbua ni usomaji wa pili. Ukurasa mmoja wa prufu hunichukua kama dakika tano, kwa hiyo kipindi cha dakika 25 kilikuwa kurasa tano. Siku moja nilisoma vipindi sita, kurasa 30, nikiweka kistari cha penseli pale kila kipindi kilipoishia. Kesho yake nilizisoma tena kurasa zile zile, nikakuta makosa 14 yaliyonipita. Nikayahesabu kwa nafasi ya ukurasa ndani ya kipindi. Kurasa zote za kwanza, kwa jumla, zilikuwa na kosa moja, za pili moja, za tatu mawili. Za nne, manne. Za tano, sita. Yaani makosa kumi kati ya 14 yalikaa kwenye zile dakika kumi za mwisho nilizojiona bado niko imara.

Hilo si la kwangu peke yangu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha matokeo ya majaribio yaliyotokana na tatizo la waangalizi wa rada: watu walikaa saa mbili wakitazama mkono wa saa ukiruka hatua moja moja, na walitakiwa kutoa ishara kila uliporuka hatua mbili kwa mpigo. Uwezo wao wa kuyaona yale maruko ulishuka waziwazi ndani ya nusu saa ya kwanza. Kusoma prufu kunafanana na kazi hiyo. Unatazama mambo mengi yaliyo sawa ukisubiri moja lililokosewa, na jicho lililochoka halikuambii kwamba limechoka. Linaendelea kupita juu ya maneno.

Basi nikakata kurasa mbili za mwisho. Kurasa tatu ni dakika 15, nikaongeza moja ya kumalizia alama za pambizoni. Ndipo ikatoka 16.

Saa 3:31

Vipindi vinne vimekwisha, kurasa 12. Katikati napumzika dakika nne nne, na katika hizo nne sisomi kitu chochote. Macho yangu yametoka kwenye herufi, nikiyapeleka kwenye herufi nyingine, hata za utani, ni kama sikupumzika. Nasimama, nachota maji, natazama nje kwa mbali. Sasa nina mapumziko marefu, dakika 20 na ushee.

Saa 3:55

Tafsiri. Kipima muda kinakwenda hadi 45.

Hapa tatizo liligeuka kichwa chini. Kwa dakika 25 nilikuwa nafukuzwa kazini na kengele. Ili nitafsiri vizuri lazima kwanza nirudi nyuma aya mbili, nishike sauti ya mwandishi, nikumbuke neno fulani nililitafsirije sura iliyopita. Nilipoanza kuandika pembeni dakika ambayo sentensi ya kwanza isiyohitaji kufutwa ilitoka, kwa siku kadhaa nilipata 11, 9, 13, 12, 10. Kwa hiyo katika kila dakika 25 nililipa kama 11 kuingia tu, nikabaki na 14 za kufanya kazi, kisha nje. Katika 45 nalipa zile zile 11, lakini nabaki na 34.

Nilijaribu 60 pia. Kuanzia dakika ya 50 hivi nilijikuta nachagua neno la kwanza linalokuja badala ya lile linalofaa, kisha nalirekebisha mchana. Kwa hiyo 45, na mapumziko ya dakika 10.

Kabla ya kusimama huwa naandika mstari mmoja wa kunirudisha. Leo kengele ilipolia niliandika: "Aya inayofuata ni mama anajibu kwa hasira ila kwa maneno ya heshima." Niliporudi saa 4:50 sikuhitaji dakika 11, zilitosha nne.

Saa 5:15

Mwenzangu kijana anachungulia mlangoni. "Dada, samahani, una dakika mbili?"

Hakuna dakika mbili za kweli duniani, lakini sitaki kuwa yule mtu anayefukuza watu kwa sababu ya saa ya jikoni. "Nimebakiza dakika 20. Nikimaliza nakuja mezani kwako. Linaweza kungoja?" Likiweza, natia kistari kwenye karatasi na kuendelea. Lisipoweza, kipindi kimekufa. Sikisimamishi kipima muda ili nikiendeleze baadaye, maana kwa Cirillo kipindi hakigawanyiki: ama kimekamilika ama hakihesabiwi. Zamani niliona huo ni ukali usio na maana. Kisha nikagundua kwamba kipindi changu cha "dakika 45" chenye visimamo vitatu kilikuwa kinachukua saa nzima na nusu, na hesabu zangu zote zilikuwa za uongo.

Leo limengoja. Saa 5:35 nikaenda.

Saa 5:45

Baruapepe, nusu saa, bila kipima muda cha vipindi. Kila barua ni kazi fupi yenye mwisho wake, hakuna cha kuingia wala kutoka. Wako wanaozipangia pomodoro, mimi sijaona faida.

Saa 7:40 mchana

Nimekula, na kurasa 12 za prufu zinanisubiri. Hii ndiyo saa niliyokuwa najidanganya kuliko zote. Dakika 16 za asubuhi si dakika 16 za baada ya mlo. Nilipoirudia ile hesabu ya makosa kwa kurasa za mchana peke yake, ukurasa wa tatu ulikuwa umeharibika kama wa tano wa asubuhi. Kwa hiyo mchana nasoma kurasa mbili, dakika 10, kisha nasimama dakika tatu. Vipindi sita. Inachosha kuinuka mara zote hizo, na inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini saa 8:55 kurasa 12 zimekwisha.

Jumla ni 24 kwa siku, pungufu ya zile 30 za zamani. Ila zile 30 zilinidai usomaji wa pili wa siku nzima. Siku hizi usomaji wa pili ni wa kuhakiki tu.

Saa 9:10 alasiri

Hapa nimekosea. Nilirudi kwenye tafsiri, na dakika ya 45 kengele ikalia nikiwa kwenye mazungumzo matamu ya wahusika wawili. Nikazungusha tena dakika 10 bila kusimama. Kisha 10 nyingine. Saa 10:15 nikanyanyuka na shingo kavu, na aya ya mwisho nimeifuta yote.

Sheria niliyojiwekea ni kwamba urefu wa kipindi haubadilishwi kipindi kikiwa kinakwenda. Unabadilishwa jioni, kwa karatasi, ukiongezwa au kupunguzwa dakika mbili au tatu tu, kisha unaachwa siku tano kabla ya kuguswa tena. Ukiongeza kwa sababu unajisikia vizuri, kesho utapunguza kwa sababu unajisikia vibaya, na mwisho utakuwa unafanya kazi kwa hali ya hewa ya moyo wako, kengele ikiwa pambo.

Saa 10:30 jioni

Naitazama karatasi. Kila akili yangu ilipochomoka yenyewe, bila mtu kuniita, nilitia ritifaa, alama ambayo Cirillo naye huitumia kwa jambo hilo hilo, na pembeni nikaandika dakika. Ninachotafuta ni zimelundikana wapi. Zikiwa mwishoni mwa vipindi, nafupisha. Zikitapakaa kila mahali, kwa kawaida sikulala vizuri au kuna kelele, na urefu wa kipindi hauna kosa. Zikilundikana dakika tano za mwanzo, nilikuwa nafupisha pia, kwa miezi, bila nafuu yoyote. Baadaye nilielewa kwamba hizo ni alama za kazi isiyoeleweka: sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilitangatanga. Dawa yake ni kuivunja kazi kabla ya kuzungusha kipima muda.

Leo prufu za asubuhi zina ritifaa mbili tu katika vipindi vinne, dakika ya 14 na ya 15. Za mchana zina moja. Tafsiri ya kwanza haina kitu. Tafsiri ya alasiri ina tano: dakika ya 33, 36, 38, 41 na 44, na hiyo ni kabla sijaanza kuongeza zile dakika za wizi. Nafungua karatasi za siku nne zilizopita, na kila alasiri ni hivyo hivyo, ya kwanza haiji kabla ya dakika ya 33 wala haivuki ya 36.

Kuanzia kesho, tafsiri ya asubuhi inabaki 45. Ya alasiri naiandika 42, nitaitazama tena baada ya siku tano.