Gredi za mgao kwenye darasa la watoto tisa

Mimi nafundisha fizikia shule moja ya binafsi huku Kigoma, na mwaka ule kidato cha tatu waliochagua fizikia walikuwa tisa tu, wengine wote walikimbilia masomo ya sanaa. Sasa uongozi ukaja na utaratibu mpya wa ripoti za muhula: kila somo asilimia 10 wapate A, 20 wapate B, 40 C, 20 D na 10 F. Yaani gredi za mgao, kama umeme. Sababu yao ilikuwa walimu tunagawa A kama karanga, na kusema ukweli hapo hawakukosea sana.

Nikakaa na matokeo yangu. Asilimia 10 ya watoto tisa ni 0.9, ya 20 ni 1.8, ya 40 ni 3.6. Mtoto hana pointi, kwa hiyo unakadiria: A mmoja, B wawili, C wanne, D wawili, F mmoja. Jumlisha uone, wanafika kumi! Nina watoto tisa halafu mgao unadai wa kumi, nikajiuliza huyo mwingine nimtoe wapi, mwaloni? Nikampigia mtaaluma akasema we punguza kwenye C maana ndo yenye desimali ndogo, basi tukabaki na 1, 2, 3, 2, 1.

Maksi zenyewe zilikuwa 84, 82, 81, 77, 71, 70, 66, 64 na 61. Kwa viwango vya NECTA vya kidato cha nne, ambako A inaanzia 75, B 65 na C 45, hapo nina A nne, B tatu na C mbili. Kwa mgao, mwenye 82 anakuwa B kwa sababu kuna mwenzie kamzidi maksi mbili, ambazo ni kipengele kimoja cha swali na ningesahihisha asubuhi badala ya usiku labda ningempa. Na binti wa 61 anakula F. Sitini na moja, F!

Kilichoniuma zaidi ni huyu wa 64. Kabla ripoti hazijafungwa wazazi wa yule binti wa 61 wakawa wanapanga kumhamishia Tabora kwa shangazi yake, nikapiga hesabu upya ya watoto nane, F bado inataka mtu mmoja, kwa hiyo inamwangukia wa 64, ambaye karatasi yake haijabadilika hata nukta, kosa lake ni kwamba mwenzie kapanda treni. Na watoto walishanusa, kuna kijana daftari lake la mazoezi lilikuwa linazunguka darasa zima, ghafla akaanza kulifungia kwenye begi.

Nikajua nikienda ofisini na huruma narudi mikono mitupu, nikaenda na hesabu. Tuseme kweli kila mwanafunzi mmoja kati ya kumi ni wa A. Ukichukua tisa tu bila kuwachagua, uwezekano wa kukuta hakuna hata mmoja wa A ni 0.9 mara yenyewe mara tisa, kama asilimia 39. Wa kukuta mmoja kamili ni hiyohiyo 39, na wawili au zaidi ni kama 22. Maana yake mgao wa A mmoja unapatia mara nne tu kati ya kumi, zilizobaki unamnyima mtu au unampa asiyestahili. Kwenye darasa la mia mbili huko afadhali, japo nako mgao haujui kama mtihani ulikuwa rahisi ama watoto wamesoma kweli.

Mkuu akaniuliza, "Sasa mwalimu, nitajuaje kama mtihani wako haukuwa mteremko?" Swali la haki kabisa. Tukakubaliana mwalimu wa fizikia wa shule jirani asahihishe upya, majina yamefichwa, namba tu. Wengi wakashuka maksi mbili tatu, wa 77 akaangukia 74 ikawa B (alininunia wiki nzima), wa 66 akaponea kwenye 65, na binti wa 61 akapata 58, bado C. A zikabaki tatu, F hakuna. Mkuu akasaini kwa viwango vya kawaida, ila kidato cha kwanza wenye mikondo miwili wameachiwa mgao wao, hiyo vita sijaimaliza.

Siku ya ripoti mama yake yule binti, anauza migebuka Kibirizi, akaishika karatasi akaitazama weee, akaniuliza, "Mwalimu, hii C ni yake mwenyewe au ya mgao?" Nikamwambia ni yake mama. Safari ya Tabora ikaahirishwa.