Nani anaona nini: nilivyounganisha makundi ya wazazi kwenye jumuiya moja ya WhatsApp

Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi, na kazi iliyokuwa ikinila muda kuliko zote ni kusambaza matangazo. Kila darasa lina kundi lake la WhatsApp. Tangazo likitoka ofisini, linapita kwa walimu wa madarasa, na kila mmoja analibandika kwenye kundi lake. Mwalimu akichelewa, wazazi wake wanachelewa. Mwingine analifupisha, na kile alichokiacha ndicho kinachozua maswali jioni.

WhatsApp ilileta jumuiya mwishoni mwa 2022: makundi kadhaa yanakaa chini ya mwamvuli mmoja, na juu yake kuna kundi la Matangazo ambamo maadmini wa jumuiya pekee ndio wanaotoa matangazo. Kwetu ilikuwa dawa. Ila walimu na wazazi walikuja na swali moja: wa darasa la tatu wataanza kusoma ya darasa la tano? Swali hilo halina jibu la ndiyo au hapana, kwa hiyo nilitaka nione kwa macho yangu kabla ya kuunganisha kundi hata moja lenye watu.

Nikafungua jumuiya ya majaribio yenye makundi mawili matupu. Kwenye simu ya akiba nikaweka laini ya pili, nikaiingiza kwenye kundi moja tu kama mzazi wa kawaida, bila uadmini. Kisha nikakaa na simu mbili mezani. Nawashauri wote wanaotaka kufungua jumuiya wafanye hivyo, maana admini huoneshwa mengi kuliko mwanachama, na ukiangalia kwa simu yako pekee hutajua wenzako wanaona nini.

Ile laini ya pili ilijikuta ndani ya Matangazo papo hapo, bila kuulizwa. Ndivyo jumuiya inavyofanya kazi: kundi likiunganishwa, wote waliomo wanaingia Matangazo. Humo mwanachama anapokea ujumbe, lakini haoneshwi namba za wenzake kama anavyooneshwa kwenye kundi la kawaida. Namba yake inaonekana kwa maadmini wa jumuiya, kwa waliokwisha kumhifadhi, na kwa wale anaochangia nao kundi. Mazungumzo ya lile kundi la pili hayakuonekana kabisa, hata mstari mmoja.

Kilichoonekana ni jina la kundi la pili. Lilikuwa pale kwenye orodha ya jumuiya, na nikiligusa napata maelezo yake na nafasi ya kujiunga. Hapa ndipo nilipotulia kwa muda mrefu. Watu wanahangaika na ujumbe kuvuja, na ujumbe hauvuji. Jina ndilo linaloweza kusomwa na kila mwanachama wa jumuiya, hata asipokanyaga ndani.

Mhasibu wa shule alikuwa na kundi lake la wazazi wenye malimbikizo ya ada, na jina la kundi lilisema hivyo hivyo waziwazi. Peke yake halikuwa na shida, kwa kuwa waliolijua ni waliomo tu. Lingeunganishwa, kila mzazi angelikuta kwenye orodha, na wenye udadisi wangegonga mlango wajue ni akina nani. Nilimwomba aliache nje, na akakubali kuzungumza na wazazi hao mmoja mmoja. Kundi la kamati ya ujenzi nalo lilibaki nje, kwa sababu tofauti: lina fundi na msambazaji wa vifaa ambao si wazazi. Kuliunganisha kungewaingiza kwenye Matangazo, wakawa wanasoma saa watoto wanapotoka na mahali basi linaposimama.

Kwa makundi ya madarasa nilipitia maelezo kwanza. Mwalimu mmoja alikuwa ameandika humo namba ya dada anayewapokea watoto asubuhi. Tukaifuta, tukaibandika ndani ya kundi kama ujumbe. Kisha kila mwalimu akawasha mpangilio wa admini kuidhinisha wanaojiunga, ili anayeona jina la darasa lisilo lake asiingie hivihivi. Siku moja kabla ya kuunganisha, kila kundi lilipata taarifa kwamba kesho mtajikuta kwenye Matangazo, na mazungumzo yenu ya humu yatabaki humu.

Mwalimu mkuu alidhani akiwa admini wa jumuiya atasoma kila kundi. Nikamwambia, "Mwalimu, uadmini wa juu haukupi macho ndani ya darasa. Kundi usilokuwemo, ujumbe wake huusomi." Akitaka kuusoma inabidi awe mwanachama wa kundi hilo, na waliomo watamwona. Aliridhika na hilo, na walimu wa madarasa walifurahi zaidi yake.

Kuna mama mmoja alinifuata pembeni. Alikuwa na sababu nzito za kutotaka namba yake ionekane na mzazi fulani wa darasa hilohilo. Ndani ya kundi la darasa, hilo haliwezekani: kila aliyemo anaweza kufungua orodha ya wanachama na kuona namba. Lakini jumuiya ilimfaa kuliko mpangilio wetu wa zamani. Alitoka kwenye kundi la darasa peke yake, akabaki mwanachama wa jumuiya, na matangazo ya shule yanamfikia. Ya darasa anatumiwa na mwalimu moja kwa moja. Nilimwonesha pia mahali pa kuweka picha yake ya wasifu ionekane na aliowahifadhi tu. Nikamwomba asijibu chini ya tangazo. Tangu 2024 wanachama wanaweza kujibu matangazo, na ingawa majibu hayo yanakunjwa pamoja na hayapigi kelele kwenye simu za watu, yako wazi kwa jumuiya nzima. Akiwa na swali, anamwandikia admini. Sikumficha mpaka wa kinga hii: aliyekwisha kuhifadhi namba yake bado anayo, na orodha ya Matangazo haimfichi kwa mtu huyo.

Alipotoka, tulikuwa makini na kitufe. Kutoka kwenye kundi kunamwacha mtu ndani ya jumuiya. Kutoka kwenye jumuiya kunamtoa kwenye makundi yake yote ya humo kwa mpigo. Upande wa admini ni vilevile. Baba mmoja ana watoto madarasa mawili, na mkubwa alipohamia shule nyingine mwalimu aliniomba nimtoe. Nilifungua kundi la lile darasa na kumtoa humo, sikugusa orodha ya jumuiya. Ningemtolea huko juu, angepoteza na kundi la mtoto wake mdogo na matangazo yote, na pengine angedhani amefukuzwa.

Ile simu ya akiba bado ninayo, na laini yake bado ni mwanachama wa kawaida wa darasa moja. Mwalimu akileta kundi jipya, naisoma orodha kupitia simu hiyo kwanza. Juzi ililetwa klabu ya kusoma yenye jina linalotaja watoto wanaosoma kwa shida. Tuliliita Klabu ya Jumatano, tukayafuta maelezo, ndipo nikaliunganisha.