Yeye aliuliza tu

Wiki hii ofisi imehamia ghorofa ya pili, mdogo wangu ameagwa kwa sherehe iliyotutoa jasho wote pale nyumbani, na bado ninachokiwaza kila ninapolala ni sentensi moja ya mkuu wetu wa kitengo. Aliisema Jumatano mwishoni mwa kikao, bila ubaya wowote, akiwa anakusanya karatasi zake. Nilikuwa nimemweleza kwamba tatizo la kuvuta kumbukumbu za maktaba limepatiwa ufumbuzi, na kwamba aliyeligundua ni binti yetu wa mafunzo kwa vitendo. Mkuu akatabasamu, akasema: "Wewe ndiye uliyetatua. Yeye aliuliza tu." Binti alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu, akaendelea kuandika.

Ninyi mnaosoma hapa mara kwa mara mnaijua kazi yenyewe. Taasisi tunayoshirikiana nayo ina maktaba ya kidijitali, nasi huvuta maelezo ya vitabu vyake 3,000, kila kitabu kwa anwani yake. Seva yao hujibu ombi moja kwa takriban nusu sekunde. Ukivuta kimojakimoja utakaa sekunde 1,500, yaani dakika 25, ambazo karibu zote programu yako haifanyi chochote isipokuwa kungoja mtandao. Ndiyo maana mwenzetu aliyehamia idara nyingine alituachia programu ya Python ya `asyncio` na `httpx`, inayotuma maombi mengi kwa pamoja. Mwongozo wa taasisi unataka tusizidishe maombi 10 kwa wakati mmoja, na yeye alilizingatia hilo kwa namna ambayo mtu yeyote angeiona kuwa sahihi:

```python
mipaka = httpx.Limits(max_connections=10)
async with httpx.AsyncClient(limits=mipaka) as mteja:
    majibu = await asyncio.gather(
        *(mteja.get(a) for a in anwani),
        return_exceptions=True,
    )
```

Wakati wa majaribio ya anwani 50 programu hii haikuwa na kasoro. Ilipopewa 3,000, vitabu 100 na ushei vilipatikana, na vilivyobaki vyote vilishindikana kwa kuishiwa muda. Mkuu alikuwa ameshaandaa barua ya kuwaambia wenzetu kwamba seva yao imezidiwa. Kwa uungwana wao, walipodokezwa jambo hilo walitutumia dondoo ya kumbukumbu za seva, na nikampa binti aipitie, kwa kuwa nilikuwa na masanduku ya kuhamisha.

Mazungumzo yaliyofuata nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Alikuja na daftari lake, akasimama kando ya meza.

"Kaka, sisi tumetuma maombi 3,000. Wao wameandika 100 na kidogo. Hayo mengine nani aliyeyakataa?"

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, makosa yametokea saa ngapi?"

"Yote ni sekunde ya tano. Si kwamba yametawanyika, kaka. Yote kwa pamoja."

Hapo nikaketi. Maswali mawili yanayohitajika katika tatizo la aina hii yalikuwa yameshaulizwa, na la kwanza lilikuwa lake. Seva iliyozidiwa hushindwa kwa kuyumba: ombi moja huchelewa, jingine hupita, la tatu hukatika katikati. Maombi karibu 2,900 yanayokufa katika dakika ile ile na sekunde ile ile yameuawa na saa, na saa hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta yetu wenyewe.

Maelezo yake ni haya. `httpx` ina ukomo wa muda wa sekunde 5 usipoigusa, lakini ukomo huo si wa safari nzima ya ombi. Ni saa nne tofauti, ya kuunganishwa na seva, ya kutuma, ya kusoma, na ya nne, ambayo wengi hawaijui hadi iwaume, ya kungoja nafasi katika hifadhi ya miunganisho ya mteja. `gather` huanzisha kazi zote 3,000 papo hapo. Kumi hupata miunganisho, na 2,990 hupanga foleni ndani ya `httpx`, kila moja saa yake ya nne ikiwa imeshaanza kuhesabu. Maombi 10 kwa kila nusu sekunde ni 20 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tano zikitimia ni 100 yaliyokwisha kuhudumiwa. Yote yaliyosalia kwenye foleni huishiwa muda kwa mkupuo. Ni zahanati yenye vyumba 10 inayowaita wagonjwa 3,000 asubuhi moja, kisha inamrudisha nyumbani kila aliyekaa kwenye benchi dakika tano na kumwandika kwamba daktari alimkataa.

Hii ndiyo sababu majaribio ya anwani 50 hayakuonyesha kitu: foleni ya 50 huisha baada ya sekunde mbili na nusu, kabla saa haijafika mwisho.

Kosa lenyewe lina jina lake, `PoolTimeout`, na lingetuambia kila kitu siku ya kwanza kama tungelisoma. Programu ilikuwa inalidaka kwa jina la ukoo, `httpx.TimeoutException`, linalojumuisha pia `ConnectTimeout`, `ReadTimeout` na `WriteTimeout`, kisha inaandika `str(e)` kwenye faili. Makosa haya mara nyingi huja bila ujumbe wowote ndani yake, hivyo faili letu lilikuwa na mistari 2,900 yenye maneno "Imeshindikana:" na baada ya nukta mbili hakuna kitu. Siku hizi ninaandika `type(e).__name__` pembeni ya ujumbe, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo kabla hajaandika barua ya malalamiko kwa yeyote.

Marekebisho ndiyo haya ambayo mkuu anayaita kutatua:

```python
lango = asyncio.Semaphore(10)

async def leta(mteja, anwani):
    async with lango:
        jibu = await mteja.get(anwani)
        jibu.raise_for_status()
        return jibu.json()
```

Kazi bado zinaanzishwa zote 3,000, ila sasa foleni iko nje ya `httpx`, kwenye semafori, yaani lango linalohesabu nafasi, na pale hakuna saa inayohesabu. Kazi haigusi `mteja.get` hadi ipate nafasi, na ikiingia inakuta muunganisho unaisubiri. Sekunde 150 baadaye, yaani dakika mbili na nusu, vitabu vyote vilikuwa vimefika. La kuangaliwa ni moja tu: semafori iundwe mara moja na itumiwe na kazi zote. Nimewahi kuona programu za watu zinazoiunda ndani ya `leta` yenyewe, ambapo kila kazi inapata lango lake binafsi lenye nafasi 10, na hakuna anayemzuia mwenzake.

Mtu anaweza kusema kwamba ingetosha kuizima ile saa ya nne kwa kuandika `httpx.Timeout(5.0, pool=None)` na kuiacha mipaka ilivyokuwa. Ingefanya kazi, kwa sasa. Lakini `max_connections` huhesabu miunganisho, haihesabu maombi, na siku mtu atakapowasha `http2=True` muunganisho mmoja utaweza kubeba maombi mengi kwa pamoja, na ukomo wetu wa 10 hautakuwa na maana tena ingawa hakuna aliyeugusa. Semafori huhesabu kile hasa kinachotajwa na mwongozo.

Hayo yote niliyaandika kwa nusu saa. Mistari miwili iliyobadilisha kila kitu ni ya kawaida kabisa, iko katika mafunzo mengi ya `asyncio`, na mtu yeyote angeipata akishajua anatafuta nini. Kujua unatafuta nini ndiko kulikotoka kwenye daftari la binti, na kwa hiyo sentensi ya mkuu imenichoma hadi leo, pamoja na kwamba ilikuwa inanisifu mimi.

Niliandika hadi hapo jana usiku nikiwa na hasira, nikalala. Leo asubuhi sikuwa nimemaliza hata chai alipokuja tena na daftari.

"Kaka, hii kumi ni kumi kwa sekunde?"

Nikamwambia hapana, ni kumi kwa wakati mmoja.

"Basi usiku seva yao ikiwa haina watu, ikajibu kwa sehemu ya kumi ya sekunde, tutawapelekea mia kwa sekunde."

Nilicheka kwa furaha ambayo sikuitarajia Ijumaa hii. Hesabu yake ni sahihi: gawanya ukubwa wa lango kwa muda wa jibu moja, upate kasi. Kumi kwa nusu sekunde ni 20. Kumi kwa sehemu ya kumi ya sekunde ni 100. Semafori inamlinda mwenye seva dhidi ya wingi wa maombi yaliyo mkononi mwake kwa pamoja, lakini kadiri anavyokuwa mwepesi ndivyo tunavyomsukuma zaidi. Akichoka atajibu 429, yaani maombi yamezidi, pengine pamoja na kichwa cha `Retry-After` kinachotaja sekunde za kungoja au tarehe na saa kamili, na programu inapaswa kuweza kusoma namna zote mbili.

Tukabishana, tumesimama, ni wapi pa kungojea. Yeye alitaka kazi iliyopewa 429 itoke langoni, ilale nje, irudi baadaye, ili isiwazibie nafasi wengine. Mimi nasema ilale ndani, ikiwa imeishika nafasi yake. Ikitoka, kazi inayofuata itaingia papo hapo na kupata 429 yake, na ndani ya muda mfupi foleni nzima itakuwa imebisha kwenye mlango uliokwisha kusema hapana. Ikilala ndani, nafasi hupungua zenyewe na seva inapumua. Kwa seva moja yenye ukomo mmoja, msimamo wangu ni huo. Binti akasikiliza, akauliza kama ningesema hivyo hivyo iwapo anwani zingekuwa za seva kumi tofauti. Hapo nisingesema hivyo, maana seva moja iliyokasirika ingezishika nafasi zote na kuwachelewesha tisa wasio na kosa. Kila seva ingehitaji lango lake. Akaandika.

Nimemwambia aiandike mwenyewe sehemu ya 429 na kuiwasilisha kikaoni Jumatano ijayo, jina lake likiwa juu. Amekubali baada ya kuuliza mara mbili kama mkuu atakuwepo.

Mwenye nyumba amepiga simu jioni hii, anataka kodi ya miezi sita kabla ya tarehe 30, na sherehe ya mdogo wangu imekwisha kula karibu nusu yake.