Mawimbi ya usiku bila moto: soksi zilivyoushinda mkanda kwenye nywele zangu

Ushauri unaoniudhi kuliko wote ni huu: "Osha nywele, zifunge zikiwa mbichi, lala, asubuhi utaamka na mawimbi." Anayeusema ama ana nywele nyepesi sana, ama hajawahi kuufuata. Nywele zilizonyooka zikifungwa mbichi zinaamka mbichi, na ukizifungua hivyo zinanyooka tena kabla hujamaliza kuvaa.

Sababu yake ni hii. Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo vya haidrojeni vinavyoshikilia umbo lake. Maji huvifungua, na unywele unapokauka vinajifunga upya katika umbo lolote ulilouweka. Kwa hiyo kinachotengeneza wimbi ni kukauka ukiwa umekunjwa. Saa unazolala hazina kazi nyingine. Nywele zilizoviringishwa hazipati hewa kama zilizoachwa wazi, na maji ya katikati ya kiringo ndiyo ya mwisho kutoka. Unyevu unaohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: nywele ziwe karibu zimekauka, ukizishika zina ubaridi kidogo tu, na ukizikamua halitoki hata tone.

Nywele zangu ni za urefu wa wastani, kama sentimita 35 kutoka kichwani hadi nchani, zinapita mabega kidogo. Njia maarufu ni ule mkanda mnene unaolazwa juu ya utosi, nywele zikazungushwa kila upande. Kwa nywele ndefu unafanya kazi vizuri. Kwa urefu wangu, hesabu inakataa. Mkanda wa unene wa sentimita 3 una mzingo wa karibu sentimita 9 na nusu. Nywele za kisogoni zinatumia kama sentimita 12 kuufikia tu huo mkanda, zinabaki 23, yaani mizunguko miwili na nusu. Tena kuzungusha kunaanzia kichwani, kwa hiyo ncha ndizo za mwisho, na ndizo zinazochomoka ukigeuza shingo. Matokeo yake ni nywele zenye mkunjo mzuri juu na ncha zilizonyooka chini, kinyume kabisa cha kinachopendeza.

Soksi zinageuza mambo. Chukua soksi ndefu nyembamba za pamba, zile zisizo na mpira mkali. Ukiisokota moja inakuwa na unene wa kama sentimita 2, mzingo sentimita 6 na kidogo. Unaanzia nchani kupanda juu, unaishia kama sentimita 10 kutoka kichwani, kwa hiyo sentimita 25 zinaingia kwenye kiringo: mizunguko kama minne. Na kwa kuwa ncha ziko ndani kabisa, haziwezi kuchomoka, na ndizo zinazojikunja zaidi.

Tatizo la kuanzia nchani ni ndoano. Ncha chache zikijikunja kinyume wakati unaanza kuviringisha, asubuhi zinasimama pembeni kama ndoano na hazirekebishiki mpaka uzilowanishe. Wasusi wanaotumia rola wana karatasi maalumu za kufungia ncha. Mimi natumia kipande cha tishu. Nakikata cha upana wa vidole vitatu, nakikunja mara moja juu ya ncha zilizochanwa zikalala bapa, kisha nakiteleza chini mpaka kipite ncha kidogo. Naweka soksi juu ya tishu, naanza kuviringisha. Ncha zote zinaingia pamoja.

Halafu hiyo tishu inafanya kazi ya pili, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Inapima unyevu. Ukiifunga ikabaki nyeupe na kavu, sawa. Ikiwa na madoa madogo ya unyevu, bado ni sawa. Ikilowa mara moja ikawa inaonyesha nywele ndani yake, au ikachanika, nywele ni mbichi mno: acha, kaa robo saa, jaribu fungu lilelile tena. Hakuna kubahatisha.

Nywele nazigawa mafungu sita: mawili mbele, mawili pembeni nyuma ya masikio, mawili kisogoni. Mwenye nywele nzito agawe nane, maana fungu nene halikauki katikati. Povu la nywele nusu kiganja linatosha kichwa kizima, na lipakwe kuanzia usawa wa masikio kushuka. Bila povu, nywele zilizonyooka zilizotoka kuoshwa zinateleza kwenye soksi. Ndiyo maana zilizooshwa jana yake zinashika vizuri zaidi. Mafuta yasubiri asubuhi.

Fungu lilazwe bapa, lisisokotwe. Ukilisokota unapata mawimbi membamba yanayofanana na ya msuko uliofumuliwa. Likiwa bapa unapata wimbi pana. Viringisha mafungu ya mbele kuelekea nyuma, usoni pabaki wazi. Ukifika juu, funga ncha mbili za soksi fundo moja, si mawili, kwani asubuhi utahangaika kulifungua huku ukivuta nywele. Kwa kisogoni fundo lisogezwe pembeni, la sivyo utalilalia. Inua nyusi: ngozi ya kichwa ikivutika, legeza. Kukaza hakuongezi mkunjo, kunaumiza mizizi, na mvuto wa kila usiku unaweza kukatisha nywele pembeni mwa paji la uso.

Kuhusu satini, wengi wanachanganya. Satini hainywi maji, kwa hiyo kiringo cha satini kinachelewa kukauka. Pamba inanyonya unyevu, lakini ikisuguana na mto inazitimua nywele. Kwa hiyo pamba ikae ndani, skafu ya satini ifungwe juu ya kichwa chote. Skafu pia inazuia mafungu ya upande unaoulalia yasibonyee sana.

Asubuhi, kabla ya kufungua chochote, ingiza kidole katikati ya kiringo kimoja cha kisogoni, maana kisogo ndicho kinachochelewa. Kikiwa na ubaridi, bado kuna maji. Acha vyote, fanya shughuli nyingine. Ukikuta umeshafungua kimoja na hakijakauka, kirudishe hapo hapo kabla hakijalegea. Kufungua ni kuviringua kwa kurudi chini, si kuchomoa soksi kwa kuivuta.

Kwanza vitaonekana viringo vikali vya kuchekesha. Usiviguse kwa kama dakika kumi. Kisha tone moja la mafuta kwenye viganja, pitisha vidole kuanzia chini kupanda, na viringo vinafunguka kuwa mawimbi. Chanuo la meno mapana liingie tu kama unataka mawimbi malegevu zaidi. Brashi inavuruga kila kitu.

Mawimbi yakilala ndani ya saa moja, angalia kwanza unyevu, kisha unene wa mafungu. Yakiwa na mstari mkali juu, fundo lilibana nywele badala ya kukaa juu yake. Yakidumu ndani lakini yakakata tamaa ukitoka kwenye mvua au ukungu, hapo mkono wako hauna kosa: unyevu wa hewa unafungua vifungo vilevile vilivyofungwa usiku. Siku kama hiyo mimi nasuka tu. Siku kavu, usiku wa pili nakusanya nywele juu utosini kwa mpira laini usiobana, nafunga skafu, na soksi zinapumzika.