Nilivyochagua oda za ARIMA kwa umeme wa majengo ya Nyali

Kazi yangu ilikuwa kutabiri mahitaji ya umeme ya kila mwezi kwa kundi la majengo hapa Mombasa kwa ARIMA, modeli inayotabiri kutokana na data iliyopita, nikiwa na data ya miezi 96. Mchoro wake ulionyesha jambo ambalo kila mkaazi wa pwani analijua: kaskazi ikishika joto, Machi hasa, viyoyozi havizimwi na matumizi hupanda, kusi ikivuma Julai, hushuka. Pia mawimbi hayo yalikuwa yakikua kadiri matumizi yalivyoongezeka, kwa hiyo kwanza nilichukua logi.

Kisha nikatoa tofauti ya msimu: Machi kutoa Machi iliyotangulia, Aprili kutoa Aprili, hivyo hivyo. Ikabaki miezi 84. Wastani wake ulikuwa 0.03, yaani ukuaji wa takriban asilimia 3 kwa mwaka.

Hapo mwenzangu kazini akaniambia, "Kaka, toa na tofauti ya mwezi kwa mwezi, si ndivyo hufanywa siku zote?" Nikaijaribu mbele yake. Mkengeuko sanifu ulipanda kutoka 0.050 hadi 0.055, na uwiano wa mwezi mmoja nyuma, uliokuwa 0.4, ukageuka kuwa hasi 0.3. Tofauti inayohitajika hupunguza mtawanyiko, hii iliuongeza. Nikaiacha: d, idadi ya tofauti za mwezi kwa mwezi, ikawa 0, na D, idadi ya tofauti za msimu, ikawa 1, na ukuaji ukabebwa na kidhibiti cha `trend`.

Oda zilizobaki nilizisoma kwenye ACF, yaani uwiano wa data na miezi iliyotangulia, na PACF, uwiano huo ukiondolewa athari ya miezi ya katikati. Kwa data 84, mpaka wa kuzingatia ni kama 0.21 kila upande. Mwanzoni, ACF ilipungua taratibu na PACF ikakatika baada ya mwezi wa kwanza, basi p, idadi ya miezi iliyopita ambayo thamani zake hutumika, ni 1. Kwenye mwezi wa 12, ACF ilishuka hadi hasi 0.42 kisha ikanyamaza kwenye 24, ilhali PACF iliendelea kuwa hasi kote kuwili. Hiyo ni alama ya MA ya msimu, inayotumia makosa yaliyopita, si AR, inayotumia thamani zilizopita: Q=1, P=0. Hapa chini y ni logi yenyewe, kabla ya kutoa tofauti:

```python
SARIMAX(y, order=(1,0,0),
        seasonal_order=(0,1,1,12), trend='c')
```

Nililinganisha na jirani zake, kama vile q=1 au P=1, kwa AICc, kipimo kinachopima modeli inavyolingana na data na kuadhibu wingi wa vigezo. Zile zenye d au D tofauti sikuzilinganisha hivyo, kwa kuwa data inayopimwa huwa si ile ile.

Jaribio la Ljung-Box halikuonyesha uwiano uliobaki, lakini mabaki makubwa, yaani makosa ya modeli, yalijirudia katika miezi ya Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka wa kalenda, hivyo kutoa tofauti ya miezi 12 hakuwezi kuushika. Niliongeza safu ya idadi ya siku za Ramadhani katika kila mwezi, nikaipitisha kama `exog`, na mabaki hayo yakapungua. Kwa utabiri, safu hiyo lazima ijazwe pia kwa miezi ijayo.